Kampuni isiyopenda akiba iliyokutwa na akiba

Je, wajua kwa nini Toyota, iliyoufundisha ulimwengu kuendesha viwanda bila kurundika vipuri, ilikuwa na akiba ya chipu mwanzoni mwa mwaka 2021 wakati wenzake wameishiwa?

Sababu ni tetemeko la ardhi na tsunami iliyoipiga kaskazini-mashariki mwa Japani tarehe 11 Machi 2011. Miongoni mwa viwanda vilivyoharibika kilikuwamo kiwanda cha Naka cha kampuni ya Renesas, katika mkoa wa Ibaraki, kilichokuwa kikitengeneza chipu ndogo zinazoongoza injini, breki na vifaa vingine ndani ya gari. Kiwanda hicho kilirejea kazini kidogo kidogo kuanzia mwezi Juni, na ilimchukua Toyota takribani miezi sita kurudisha uzalishaji wake wa nje ya Japani katika hali ya kawaida.

Kabla ya hapo kampuni hiyo ilikuwa imeishi kwa miongo mingi na utaratibu uliojengwa na mhandisi Taiichi Ohno, ambao kiini chake ni kwamba kipuri kifike penye mstari wa kuunganishia gari wakati ule ule kinapohitajika, kwa idadi ile ile inayohitajika. Mfanyakazi anapotumia kreti ya vipuri, kadi iliyokuwa ndani yake hurudishwa nyuma kwa aliyevitengeneza, na kadi hiyo ndiyo ruhusa ya kutengeneza kreti nyingine. Pasipokuwa na kadi, hakuna anayetengeneza kitu. Wengi hudhani lengo lilikuwa kuokoa kodi ya ghala. Ohno alikuwa na hoja nzito zaidi: akiba huficha makosa. Ikiwa kiwanda kina vali za mwezi mzima na mashine ya vali imeanza kukosea leo, kosa hilo litagunduliwa baada ya mwezi, na kwa wakati huo vali mbovu zitakuwa zimejaa ghalani. Vali zikiwa za saa nne tu, kosa hujulikana siku hiyo hiyo.

Udhaifu wa utaratibu huo ulikwisha kuonekana mapema. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin mjini Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani ambazo Toyota ilizitumia. Ni kifaa cha kushikika mkononi, chenye bei ya dola chache, lakini gari haliwezi kutoka kiwandani bila hicho. Akiba iliyokuwapo ilikuwa ya saa chache, na ndani ya siku chache viwanda vingi vya Toyota nchini Japani vilisimama. Makampuni zaidi ya 60 yalijitolea kutengeneza vali hizo kwa mashine zao, wakiwamo Brother, watengenezaji wa cherehani, na baada ya wiki moja hivi magari yalianza kutoka tena. Fundisho ambalo wengi walilichukua ni kwamba ushirikiano wa wagavi unatosha kuwa kinga. Kwa vali fundisho hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu karakana yoyote yenye fundi mzuri na mashine ya kukereza chuma inaweza kuitengeneza. Chipu haiko hivyo. Mashine zake ni za gharama kubwa mno, chipu yenyewe hupita hatua mamia kadhaa, na tangu siku ya kuagizwa hadi siku ya kupokewa huweza kupita miezi mitatu au zaidi, hata pasipokuwa na tatizo lolote. Hakuna jirani wa kuja kusaidia kwa mashine zake.

Baada ya tetemeko la 2011 Toyota ilifanya kazi ya kuchosha ambayo makampuni mengi huiahirisha: ilifuatilia kila kipuri hadi kwa mgavi wa mgavi wa mgavi. Ilitarajia kuona umbo la piramidi, yaani kadiri unavyoshuka chini ndivyo wagavi wanavyoongezeka. Mahali pengi ikakuta umbo la almasi: wagavi wa kwanza wengi, wa pili wengi zaidi, kisha chini kabisa wote wananunua kwa kiwanda kimoja. Kampuni iliyoamini kuwa ina wauzaji watatu wa kifaa fulani iligundua kuwa wote watatu wanategemea chumba kimoja katika mji mmoja. Kutokana na uchunguzi huo ilitambua vipuri na malighafi zaidi ya 1,200 ambavyo upatikanaji wake ungeweza kuathirika, ikachagua 500 vya kupewa kipaumbele, na kwa chipu ikawataka wagavi waweke akiba ya miezi 2 hadi 6, kulingana na muda unaopita kati ya kuagiza na kupokea.

Sharti hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linaloeleza jinsi njia mbili, ya kuweka akiba na ya kuishi bila akiba, zinavyokaa pamoja. Akiba haikupimwa kwa thamani ya kipuri wala kwa hofu ya meneja. Ilipimwa kwa muda. Profesa David Simchi-Levi wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani na wenzake, waliofanya kazi na kampuni ya Ford, walilieleza jambo hili kwa maswali mawili. La kwanza: mgavi huyu akianguka leo, atachukua siku ngapi kuinuka, au sisi tutachukua siku ngapi kupata mwingine? La pili: kwa vilivyomo ghalani na njiani, tutaendelea kufanya kazi siku ngapi? Jibu la kwanza likizidi la pili, tofauti yao ndiyo akiba inayokosekana. Walipofanya hesabu hizo waligundua kwamba hatari haiendi sambamba na fedha zinazolipwa kwa mgavi: baadhi ya vifaa vya bei ndogo kabisa ndivyo ambavyo kukosekana kwake kungeleta hasara kubwa kuliko vyote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda kinaunganisha magari 1,000 kwa siku na kupata faida ya dola 1,500 kwa kila gari, kwa hiyo siku moja ya kusimama inapoteza dola 1,500,000. Kila gari linahitaji chipu moja ya dola 2. Mgavi akiungua, chipu mbadala itapatikana baada ya siku 120, na zilizoko njiani zinatosha siku 20. Pengo ni siku 100, yaani chipu 100,000, zenye thamani ya dola 200,000. Tukikadiria kuwa kutunza mali ghalani hugharimu asilimia 20 ya thamani yake kwa mwaka, tukijumlisha riba, bima, nafasi na uchakavu, akiba hiyo itakula dola 40,000 kila mwaka. Siku moja tu ya kusimama ikiepukwa inalipa gharama hiyo kwa zaidi ya miaka 37.

Sasa viti. Seti ya viti vya gari moja ni dola 600, mgavi wake yuko mtaa wa pili, na akipata hitilafu hurudi kazini ndani ya siku 3. Akiba ya siku 100 ingekuwa dola milioni 60, ikila milioni 12 kwa mwaka, mbali na kwamba hakuna jengo la kuiweka na kwamba mnunuzi akibadili rangi anayoitaka viti vyote vinakuwa mzigo. Hapo mtu mwenye akili timamu anaendelea kupokea viti kila baada ya saa chache, kwa mpangilio ule ule ambao magari yanapita kwenye mstari. Kiwanda ni kimoja, na sera mbili zinafanya kazi bila kugombana.

Palipo pagumu ni namna ya kuitunza akiba. Hoja ya Ohno haikufa. Akiba ya miezi minne ikiwekwa kando ya mstari itaficha makosa ya miezi minne. Kwa hiyo akiba ya tahadhari huwekwa nyuma, kwa mgavi, na mstari wenyewe unaendelea kuishi kwa saa chache. Vilevile haikai imelala. Chipu mpya zinaingia nyuma ya foleni na za zamani zinatoka mbele, ili kila siku kilichotumika kiwe cha umri mkubwa zaidi na kisichakae wala kupitwa na muundo mpya. Baadhi ya watengenezaji huihifadhi chipu kabla haijakamilishwa, kwa kuwa bamba lile lile ambalo chipu hutengenezwa juu yake linaweza baadaye kumalizwa kuwa bidhaa zaidi ya moja, na hivyo akiba moja inakinga mahitaji kadhaa. Anayetaka kujua kama utaratibu unafuatwa hahitaji ripoti ndefu: aangalie kiwango cha akiba siku baada ya siku. Kikishuka chini ya kima kilichowekwa ilhali hakuna janga popote, maana yake watu wanaitumia kufunika uzembe wa kuagiza, na siku ya janga ghala litakuwa tupu.

Kuna pia suala la nani alipe, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloua mipango mingi ya aina hii. Kampuni kubwa humwambia mgavi aweke akiba, kisha mwaka unaofuata humbana apunguze bei, na mgavi huipunguza akiba kimyakimya. Toyota, kwa desturi yake, hudai bei ishuke kila mwaka. Lakini kwa akiba ya chipu iliwarudishia wagavi sehemu ya fedha zilizookolewa.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga masoko, watengenezaji wengi wa magari walifuta oda za chipu, na viwanda vya chipu vikageukia simu na kompyuta. Wanunuzi wa magari waliporudi mapema kuliko ilivyotarajiwa, foleni ilikuwa imeshajaa. Ford ilifika hatua ya kuegesha magari ya F-150 yaliyokamilika isipokuwa chipu. Toyota ilisema Februari 2021 kwamba haioni athari ya karibu, kwani ilikuwa na akiba ya mwezi mmoja hadi minne.

Kinga hiyo ilikuwa na mwisho. Mwezi Agosti 2021, korona ilipofunga viwanda vya Asia ya Kusini-Mashariki, Toyota ilitangaza kupunguza uzalishaji wa Septemba duniani kwa takribani asilimia 40. Akiba ya miezi hununua muda wa miezi, na uhaba huo uliendelea zaidi ya muda ulionunuliwa. Upande wa pili wa kosa ulionekana Marekani mwaka 2022, pale maduka ya Target na Walmart, yaliyokuwa yameagiza kwa wingi yakihofia kuishiwa, yalipokutwa na shehena ambazo wateja hawakuzitaka tena na kulazimika kuziuza kwa bei ya kutupa.

Na zipo hitilafu ambazo akiba haizigusi kabisa. Tarehe 1 Machi 2022 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 nchini Japani baada ya mgavi wake, Kojima, kushambuliwa kimtandao. Mwishoni mwa Agosti 2023 viwanda hivyo 14 vilisimama tena, safari hii kwa sababu kompyuta za kuagizia vipuri zilikosa nafasi ya kuhifadhi data wakati wa matengenezo.