Semina Imekwisha, Mwalimu Amerudi Darasani: Nini Hubaki?

Mwalimu anayetoka kwenye semina ya siku tatu hurudi shuleni na vitini, daftari lililojaa na nia njema. Jumatatu husimama mbele ya watoto sabini na kuijaribu mbinu mpya; watoto humjibu tofauti na alivyotarajia, wala hana mtu wa kumuuliza. Kabla wiki haijaisha amekwisha rudia njia aliyoizoea. Sisi tulioendesha semina hizo tulikuwa wepesi kusema kwamba mwalimu huyo ni mvivu au mkaidi, na hatukumtendea haki, kwa maana tulimfundisha kabla tatizo halijatokea, na lilipotokea tulikuwa tumekwisha ondoka.

Jambo hili lilipimwa kwa uangalifu Afrika Kusini, katika Jimbo la Kaskazini Magharibi, kuanzia mwaka 2015, kwa walimu waliofundisha watoto kusoma Kisetswana. Makundi mawili ya shule yalipewa maandalio ya masomo na vitabu vya aina moja. Walimu wa kundi la kwanza waliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili, mara mbili kwa mwaka. Wale wa kundi la pili walitembelewa na mkufunzi darasani, takriban mara moja kwa mwezi. Baada ya miaka miwili, maendeleo ya kusoma yaliyotokana na kutembelewa yalikuwa kama mara mbili ya yale yaliyotokana na mafunzo ya ukumbini. Ni kweli kwamba gharama kwa kila mwanafunzi ilikuwa kubwa zaidi, lakini vitabu na maandalio vilikuwa vilevile, na kilichotofautiana ni namna mwalimu alivyosaidiwa kuvitumia.

Pale ambapo wakufunzi hawatoshi, ipo njia ambayo walimu wenyewe wanaweza kuishika. Wajapani huiita jugyo kenkyu, yaani utafiti wa somo, na Zambia ilianza kuitumia katika Jimbo la Kati mwaka 2005 kabla ya kuieneza kwingine. Walimu wachache huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao hulifundisha huku wengine wakiwatazama watoto, kisha hukaa kulijadili, kulirekebisha na kulifundisha tena katika mkondo mwingine.

Nitaeleza somo moja nililolishuhudia, la kutoa kwa kukopa, Darasa la Tatu. Swali lilikuwa 52 − 27. Walimu watano walikwisha jua kwamba watoto wengi wangeandika 35, kwa kuwa mtoto akiona 2 juu na 7 chini hutoa ndogo kwenye kubwa na kupata 5. Wakaandaa vijiti, kumi kumi vikiwa vimefungwa kwa mpira, na kila mwangalizi akapewa watoto watatu wa kuwafuatilia tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho.

Somo lilikwenda vizuri, na anayetazama akiwa mlangoni angelisifu. Lakini mwangalizi mmoja alileta kwenye kikao jambo alilolinakili neno kwa neno: binti mmoja alifungua fungu la vijiti, akatoa 27, akabakiwa na 25 mezani, kisha akashika penseli na kuandika 35 daftarini. Alipoulizwa jibu ni lipi, alisema, “La vijiti ni hili, la hesabu ni hili.” Waangalizi wengine wawili walikuwa wameona vivyo hivyo. Vijiti na maandishi vilikuwa hesabu mbili tofauti vichwani mwa watoto. Katika andalio la pili, kila hatua ya mkono iliandikwa papo hapo: fungu linapofunguliwa, 5 inakatwa na kuandikwa 4, na 2 inakuwa 12, ndipo mtoto aendelee. Wiki iliyofuata mkondo wa pili ulifundishwa hivyo, na jibu la 35 lilipungua waziwazi. Sidhani kama ningeweza kuwafundisha walimu hao jambo hilo ukumbini, maana hata mimi sikulijua.

Njia hii nayo huharibika, hasa kikao kinapogeuka kuwa ukaguzi wa mwalimu aliyefundisha: sauti yake, ubao wake, mavazi yake. Akishaaibishwa mara moja, hakuna atakayejitolea tena, na makundi hubaki kujaza fomu. Kikao chema huanza na maneno haya: “Mtoto niliyemtazama alifanya hivi.” Huharibika pia mwalimu mkuu asipopanga vipindi upya ili walimu wa somo moja wawe huru pamoja, kwa sababu mkutano wa saa kumi jioni, walimu wakiwa wamechoka na wengine wakiwahi usafiri, haudumu muhula mzima.

Anayetaka kujua kama kazi inafanyika kweli asihesabu mahudhurio. Aombe maandalio mawili ya somo lilelile, la kwanza na lililorekebishwa, kisha amwulize mwalimu ni mtoto gani aliyesababisha mstari huu ubadilishwe.