Lifti ya Dar–Dodoma: yanayosemwa na yalivyo

"Dereva yuko kwenye grupu letu, anajulikana."
Grupu la WhatsApp linakuonyesha namba ya simu tu. Cha kukagua ni gari. Omba namba ya gari siku moja kabla, uiingize kwenye tms.tpf.go.tz, tovuti ya polisi inayoonyesha faini za barabarani ambazo hazijalipwa, pamoja na kosa lenyewe. Faini moja si hoja. Tatu za mwendokasi ni tabia. Ukikuta hakuna deni, usimtangaze dereva kuwa mpole, huenda amelipa tu. Gari likifika, linganisha namba. Ukisikia "lile limesumbua, nimekuja na la shemeji," hilo hujalikagua, una haki ya kubaki. Na anayetaka nusu ya nauli ya kushika nafasi kabla hujaliona gari, usimtumie pesa.

"Gari zuri, dereva mzoefu, tutafika salama."
Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Chukua safari ya Ijumaa: dereva anatoka kazini, mnaondoka Mbezi saa 11 jioni. Dodoma ni kama kilomita 450, na kila kijiji kina kibao cha 50. Kwa foleni ya Kibaha na malori, saa saba au nane zinakwisha. Maana yake mnapita Gairo na Kibaigwa usiku mnene, nyuma ya usukani yuko mtu aliyeamka alfajiri, na lori bovu linaweza kuwa limeegeshwa mbele bila taa. Uzoefu hauondoi usingizi. Muulize leo ameamka saa ngapi, na kama kuna wa kumpokea usukani. Akianza kupiga miayo, kufungua dirisha mara kwa mara au kusogea nje ya mstari, mwambieni apumzike Morogoro. Anayejigamba kwamba atafika kwa saa tano amekwisha kukueleza atakavyoendesha.

"Nyuma hakuhitaji mkanda."
Kiti cha nyuma hakikuzuii kurushwa mbele. Kwenye IST nyingi mkanda upo, ila kifungio kimezama chini ya kava la kiti. Kitafute kabla mizigo haijapakiwa, ufunge, uuvute kwa nguvu. Mkipangwa wanne kwenye kiti cha watatu, mmoja hana mkanda, na anaweza kuwa wewe.

"Lina bima, nikiumia nitalipwa."
Kama bima iko hai, utaona kwenye tiramis.tira.go.tz kwa namba ya gari. Lakini gari la namba ya njano ni binafsi, na bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haimhusu abiria aliyelipa nauli. Ndiyo maana mkikaribia trafiki unaambiwa, "Wakiuliza, sisi ni ndugu." Ukikubali uongo huo barabarani, siku ya kudai fidia utakuwa na kazi ya kuukana.

"La serikali ndilo salama zaidi."
Herufi za STK au SU hazimpunguzii dereva mwendo. Huyo naye mwulize ameamka saa ngapi.