Kisa cha mteja kinachomjibu mnunuzi mwenye mashaka

Katika dawati letu la ushauri wa biashara, wenye maduka ya pembejeo hutuletea karatasi wanazotaka kuwaonyesha wakulima. Nyingi zina picha ya mteja anayetabasamu na maneno kama haya: "Nimeitumia mifuko hii, ni mizuri sana, nawashauri wenzangu." Mimi hufunika jina la bidhaa kwa kidole, kisha namwomba mwenye duka asome tena. Maneno yaliyobaki yanaweza kuwa ya mbolea, ya jembe, hata ya simu. Hizo ni sifa, na mkulima aliyewahi kuuziwa mbegu feki amezisikia nyingi. Anachotaka kujua ni mtu kama yeye alikuwa na shida gani, akafanya nini, na kilichotoka kilikuwa kilo ngapi.

Nitatumia mfano wa mifuko ya kuhifadhi mahindi isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani na mfuko wa salfeti nje. Namba nitakazotaja ni za mfano, lakini namna ya kuzipata ni ileile utakayoitumia dukani kwako.

Mteja wetu ni mama mkulima wa wilaya ya Kongwa anayehifadhi gunia 10. Tumemchagua kwa sababu anafanana na wale tunaotaka kuwauzia. Angekuwepo mkulima mkubwa wa gunia 500, jina lake lingevutia zaidi, lakini mwenye gunia 10 angesema, "Yule ana ghala, mimi nina chumba kimoja." Kisa kingeishia hapo.

Kazi inaanza siku anaponunua, miezi mingi kabla ya mahojiano. Muuzaji anamuuliza msimu uliopita alihifadhi vipi na akapata nini, halafu anaandika. Ukisubiri hadi Januari ndipo umuulize hasara ya mwaka juzi, atakupa namba iliyokuzwa na furaha aliyonayo sasa. Andika kwa kilo, maana gunia linaweza kuwa lumbesa. Mama huyu anasema alitia kilo 1,000 kwenye mifuko ya kawaida ya salfeti akachanganya na dawa ya vumbi. Dumuzi, yule ambaye wakulima wengi bado humwita Skania, akaingia. Baada ya kupepeta na kuchagua, alibaki na kilo 800 zinazouzika.

Mwaka huu anatia tena kilo 1,000, safari hii katika mifuko mipya 10, na anaifungua Januari. Hapo ndipo muuzaji anapokwenda na mizani na kukaa naye. Usimuulize kama ameridhika, kwa sababu adabu itamfanya akubali. Muulize nini kilimfanya asite kununua, nani nyumbani alipinga, siku ya kwanza alifanya nini kwa mikono yake, na kipi kilimsumbua. Akisema "mahindi yalikuwa mazuri," muulize alijuaje. Huenda akakujibu kwamba alipofungua hakukuta ungaunga chini ya mfuko, na alipotia mkono hakusikia joto. Sentensi hiyo ichukue kama alivyoitamka, kwa kuwa kila mkulima aliyewahi kuliwa na wadudu anaijua.

Mizani inaonyesha kilo 950. Mifuko 9 iko salama. Wa 10 aliuegemeza ukutani, panya wakatoboa, hewa ikaingia na wadudu wakaendelea kuishi humo. Nusu ya mahindi yake yakaharibika. Wauzaji wengi hutaka kuufuta mfuko huo kwenye kisa. Nawasihi wauache, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tupige hesabu, maana hapa ndipo visa vingi vinapovunjika. Wakati wa mavuno kilo moja ilikuwa shilingi 500, Januari ikawa 900. Kishawishi ni kuzidisha nyongeza ya shilingi 400 kwa kilo 1,000 na kuandika kwamba mifuko imemwingizia mama shilingi 400,000. Mbele ya kikundi, mtu mmoja atauliza, "Si bei ilipanda kwa kila mtu?" Atakuwa na haki. Kupanda kwa bei ni kazi ya soko, na hata mwenye mifuko ya kawaida angeuza kwa 900 kile kilichosalimika. Kazi ya mfuko ni zile kilo 150 ambazo mwaka uliotangulia zingekuwa vumbi. Kwa bei ya Januari ni shilingi 135,000. Mifuko 10 kwa 5,500 ni shilingi 55,000, lakini amekwepa dawa ya shilingi 25,000, kwa hiyo gharama ya ziada ni 30,000. Kilichobaki mkononi ni 105,000. Ni ndogo kuliko 400,000, na mtu yeyote anaweza kuikagua kwa kijiti ardhini ikabaki ileile.

Andika pia masharti yaliyofanya kisa kitokee. Mama alikausha mahindi vizuri, kisha akayapima kwa chumvi: akatia mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, akatikisa, akaiacha itulie. Chumvi haikuganda kwenye kuta za chupa. Ukiacha jambo hili nje, mnunuzi anayefuata atafungia mahindi mabichi, yataota ukungu, na kisa chako kitageuka ushahidi dhidi yako.

Kisa chote kikae kwenye ukurasa mmoja, pamoja na picha ya mfuko uliofunguliwa. Kabla ya kukichapa, msomee mama neno kwa neno, akubali kwa maandishi ni wapi jina na picha yake vitaonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inahusu hata duka dogo. Akitaka jina lisitajwe, "mkulima wa Kongwa mwenye gunia 10" inatosha. Kama mifuko ulimpa bure, sema hivyo kwenye karatasi.

Sasa turudi kwenye ule mfuko wa 10. Muuzaji amekaa na kikundi chini ya mwembe. Karatasi ameifunga, anauliza wao wanahifadhi vipi. Mzee mmoja anasema, "Kijana, mifuko hiyo panya wanaitoboa."

"Kweli mzee, wanaitoboa. Kuna mama hapo jirani alitumia 10, mmoja ukatobolewa kwa sababu aliuegemeza ukutani, akapoteza kilo 50. Ile 9 aliyoiweka juu ya chaga, mbali na ukuta, ilitoka salama. Mwaka wa nyuma yake alipoteza kilo 200."

Halafu ananyamaza. Hakusimulia kisa chote, alichagua kipande kinachogusa hofu ya mzee. Mwingine akiuliza bei, atatoa hesabu ya 105,000. Wa tatu akiuliza kuhusu unyevu, atatoa chupa ya chumvi mfukoni. Wakitaka kuzungumza na mama mwenyewe, awaunganishe ikiwa alikubali, na asimsumbue kwa simu kila wiki.

Msimu ujao arudi tena na mizani. Mifuko 9 isiyo na tundu hutumika tena, na mnunuzi wa mwaka kesho atauliza ilitoa kilo ngapi mara ya pili.