Barua ya kulalamikia zamu: anza na ratiba ya ukutani

Nimekuwa delege wa wafanyakazi hapa Lubumbashi kwa muda mrefu, na barua nyingi za kulalamikia zamu nilizosomeshwa zinaanza na neno «ubaguzi», kisha unafuata ukurasa mzima wa maneno aliyosema shefu wa ekipe. Ofisi ya wafanyakazi hujibu kwa sentensi moja: kupanga zamu ni haki ya mwajiri. Na kweli ni haki yake. Usibishane nayo. Onyesha kwamba ameacha kanuni aliyoibandika mwenyewe ukutani.

Tuseme ni fundi wa kiwanda cha shaba. Ekipe ina watu wanne, na kila mmoja hufanya usiku wiki moja katika wiki nne. Angeandika hivi:

«Ratiba iliyobandikwa tarehe 30 Mei 2025 (kiambatisho 1) ilinipa usiku wiki ya tarehe 2 Juni tu. Niliifanya. Baadaye nilipangwa usiku wiki ya tarehe 9 na ya tarehe 23 Juni, kwa kalamu, juu ya ratiba ileile (kiambatisho 2). Wenzangu wawili hawakupangwa usiku hata wiki moja mwezi huo.

Zamu yangu iliisha Jumamosi tarehe 14 Juni, 06:00. Niliitwa tena kazini Jumapili tarehe 15, 14:00.»

Saa ziandikwe kama zinavyosomeka kwenye kadi ya kuingia, maana «saa nane» ya mmoja si ya mwenzake.

Aya hizo mbili nimezitenga makusudi. Ya kwanza ni suala la usawa, na nguvu yake yote iko kwenye kulinganisha ratiba mbili. Ndiyo maana picha ipigwe siku ileile karatasi inapobandikwa. Ikishachorwa kwa kalamu au kubanduliwa, umebaki na mdomo wako. Ya pili ni ya sheria: Kanuni ya Kazi ya 2002 inataka mapumziko ya saa 48 mfululizo katika kila siku saba. Hapo zimepatikana 32. Ukizichanganya, ofisi itajibu ile nyepesi na kunyamazia nyingine.

Watasema kuna mwenzako aliugua. Watangulie: «Kama kulikuwa na mgonjwa, naomba kuelezwa ni wiki gani nilizomfidia.» Usitaje majina ya wenzako, wala usiombe shefu aadhibiwe. Omba maelezo kwa maandishi, ratiba ijayo isahihishwe, na mapumziko yaliyokatwa yarudishwe.

Peleka nakala mbili. Yako irudi na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Sekretari akikataa kusaini, mwombe delege aende nawe. Wakikaa kimya, nakala hiyo ndiyo utakayoiweka mezani kwa inspekta wa kazi, na huko ni lazima upitie usuluhishi kabla mahakama ya kazi haijapokea shauri lako.