Muhtasari mmoja kwa hadhira tatu si mihtasari mitatu

Kulenga muhtasari wa slaidi kwa hadhira ni kuchukua wasilisho moja na kulieleza upya kwa mpangilio, mkazo na msamiati unaomfaa msomaji fulani, huku kila ukweli uliomo ukibaki ulivyo. Maana yenyewe imeishia hapo. Kinachosumbua ni watu kulitumia neno hili wakimaanisha kuwapa wafadhili namba moja, wafanyakazi namba nyingine na wateja ahadi.

Asili ya maneno inasaidia. Muhtasari limetoka kwenye Kiarabu, mukhtasar, kitu kilichofupishwa. Mzizi wake ndio uliozaa pia khasr, yaani kiuno. Mimi hulisoma hivi: mwili ni uleule, umebanwa tu katikati. Hadhira nalo ni ndugu wa hudhuria, mahudhurio na hadharani. Ni wale waliopo mbele yako. Kwa hiyo anayebadilika ni aliyepo mbele yako. Mwili haubadiliki.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mradi wa vituo vya kuchotea maji. Kabla ya kugusa slaidi yoyote, andika karatasi ya ukweli: kila jambo mstari wake, lina namba, kipimo, tarehe na mahali lilikotoka. Mistari mitano yatosha kuonyesha kazi. Hadi Desemba 31, vituo 40 vimejengwa. Vituo 34 vinatoa maji. Vituo 6 vimesimama kwa kuharibika pampu. Pampu mpya zimeagizwa, hazijafika. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50.

Mfadhili anaanza na fedha yake ilikoishia: “Kati ya vituo 40 vilivyojengwa, 34 vinatoa maji, 6 vimesimama vikisubiri pampu zilizoagizwa.” Mfanyakazi anaanza na kazi yake: “Vituo 6 vimesimama. Pampu zimeagizwa, hazijafika. Vile 34 vinatoa maji.” Mteja anaanza na ndoo yake: “Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Kituo chako kikiwa kati ya vile 6 vilivyosimama, pampu yake imeagizwa na bado haijafika.” Mteja hakuambiwa habari ya vituo 40, na hakuna ubaya, kwa sababu kutoitaja hakumfanyi aelewe vibaya sentensi aliyopewa. Lakini ukimwandikia mfadhili “tumejenga vituo 40” ukanyamaza, ataamini vituo 40 vinatoa maji. Hapo ukimya umeshageuza maana, ingawa kila neno lililoandikwa ni kweli.

Namba mara nyingi hukaguliwa. Kinachopita bila kuonekana ni kitenzi na kiambishi chake cha wakati. Pampu *zimeagizwa* kwenye karatasi ya ukweli. Kwa mfadhili zinakuwa *zinafungwa*, kwa mteja *zitafungwa mwezi ujao*. Kitenzi kimoja tu kimebadilika, na sasa kuna kazi ambayo haijaanza na ahadi ambayo hakuna aliyeitoa. Mwandishi huwa hana nia mbaya, alitaka tu sentensi ya mfadhili isikike na nguvu na ya mteja itie moyo. Ndiyo maana kwenye karatasi ya ukweli kitenzi kiandikwe kamili pamoja na namba, na kinakiliwe kilivyo.

Kosa la pili ni kipimo. Ukiwa umehesabu kaya, mahali pote ni kaya. Anayezidisha kwa tano ili mfadhili aone “watu” ameleta ukweli mpya ambao haumo kwenye karatasi, hata kama makisio yake si mabaya. Vivyo hivyo asilimia: 34 kati ya 40 ni asilimia 85, na inaruhusiwa mradi zile 34 na 40 zikae kando yake. “Karibu vyote” hairuhusiwi.

Kukagua, weka matoleo matatu kando kwa kando, pigia mstari kila namba, tarehe, kipimo na kitenzi, kisha tafuta mstari wake kwenye karatasi ya ukweli. Kisicho na mstari kinatoka. Halafu mpe mfanyakazi toleo la mfadhili alisome. Akiuliza, “Hivi ndivyo mlivyowaambia?” rudi kwenye sentensi aliyoinyooshea kidole. Na namba ikibadilika mwezi ujao, irekebishe kwanza kwenye karatasi, ndipo uyaguse matoleo yote matatu siku hiyohiyo. Ukianzia kwenye toleo moja, mengine mawili yatabaki na namba ya zamani.

Kwa hiyo anayeomba atengenezewe “mihtasari mitatu” huenda anachohitaji ni muhtasari mmoja kwa hadhira tatu. Muulize kwanza karatasi yake ya ukweli iko wapi.