Bomba la maji baridi halitoi jasho

Nimeletewa tena ripoti ya ukaguzi yenye sentensi ile ile: "Bomba la chila linatoa jasho, liongezwe raba." Chila ni mashine inayopoza maji ya viyoyozi, na raba ni kihami kinachovikwa bomba la maji hayo. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Maana kwanza, upesi. Unene wa kihami unaotosha kuzuia matone ni ule unaoufanya uso wa nje wa kihami ubaki na joto la juu kuliko kiwango cha umande cha hewa inayouzunguka. Kiwango cha umande ni lile joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo haiwezi tena kubeba mvuke wake wote, na unaozidi hugeuka maji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hufika hapo kwenye nyuzi 26 hivi. Hiyo ndiyo dhana yote.

Sasa hilo jasho. Jasho hutoka ndani ya mwili, na anayesema bomba linatoa jasho, hata kama hakukusudia, ameshakuelekeza utafute maji ndani ya bomba. Nimewahi kukuta dari imebomolewa na fundi bomba anatafuta ufa usiokuwepo. Umande ni kinyume chake: majani hulowa alfajiri bila mvua, na hakuna anayesema jani limevuja. Maji yalikuwa hewani. Hata neno kihami limetokana na kuhami, yaani kulinda, asili yake Kiarabu (halina undugu na kuhama). Ukiuliza kinalinda nini, wengi watasema kinazuia baridi isitoke. Baridi haitoki popote. Joto ndilo linaloingia, na mvuke unaingia pamoja nalo.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye hesabu. Chukua bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 60, maji yake nyuzi 6, katika ile hewa ya nyuzi 30 na asilimia 80. Kwa raba nyeusi ya povu ya kawaida, hewa ikiwa inazunguka vizuri, unahitaji milimita 17 hivi, kwa hiyo ile ya 19 inapita kwa shida. Maji yabaki nyuzi 6 zile zile, ila unyevu upande hadi asilimia 90: sasa unahitaji zaidi ya milimita 34. Ukifika asilimia 95, unavuka milimita 60. Bomba halijabadilika hata kidogo, hewa ndiyo iliyobadilika. Hapo mwisho kununua raba nene ni kupoteza pesa. Kausha hewa ya chumba au zuia ya nje isiingie.

Juu ya dari kuna mtego mwingine. Uso wa kihami hukaa juu ya kiwango cha umande kwa sababu hewa ya chumba inaupasha joto. Mabomba mawili yakibanwa pamoja chini ya zege, hewa kati yake inasimama, na uso unapoa. Ukiongeza gamba la foili inayong'aa, linapunguza zaidi joto linalopokelewa. Katika hali hiyo bomba letu lililohitaji raba ya milimita 17 hutaka 28 hivi, ingawa kipimo cha unyevu kinasoma asilimia 80 kama mwanzo. Ndiyo maana mara nyingi unakuta matone kwenye ule upande uliobanwa tu, na upande ulio wazi mkavu.

Kabla ya kuagiza raba nene zaidi, futa uso kwa kitambaa kikavu kisha uikamue raba kwa vidole kwenye maungio ya chini. Matone yakirudi yametapakaa juu ya uso mzima na raba ni kavu ndani, unene ndio mdogo. Lakini maji yakichuruzika kutoka kwenye ungio ukiikamua, tatizo si unene. Gundi imeachia, au raba imekatwa kwenye kishikizo au vali ikaachwa wazi, na mvuke unaingia mpaka kwenye chuma. Pamba ya kioo yenye foili iliyochanika ni mbaya zaidi: ikishalowa hupitisha joto kwa urahisi, uso wake unapoa, halafu unaanza kulowa na nje pia. Kuivika tabaka jipya juu ni kuyafungia maji ndani, na kutu inaendelea chini yake bila kuonekana. Iliyolowa huvuliwa, chuma hukaushwa, ndipo huvikwa upya na kuzibwa.

Na kama maji yanaendelea kudondoka saa nyingi baada ya chila kuzimwa na bomba kupata joto la chumba, wakati raba imeshakauka kwingine kote, basi kweli linavuja, mwite fundi bomba. Vinginevyo, ndugu wakaguzi, andikeni "umande", kisha pembeni muandike joto na unyevu wa hewa mliopima siku hiyo.