Bima ya bei rahisi au ile kubwa? Hesabu ya familia yenye watoto wadogo Marekani

Kila ifikapo Novemba, waajiri wengi hapa Marekani hutoa wiki mbili tatu za kuchagua bima ya mwaka unaofuata, na simu yangu huanza kuita. "Dada, nichukue ya bei rahisi au ile kubwa?" Ya bei rahisi inakata kidogo kwenye mshahara lakini ina kizingiti kirefu, yaani pesa unazotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Kwa mwaka 2026, bima ya kazini ya aina hii inayokuruhusu kuwa na akaunti ya HSA, yaani akiba yako ya matibabu isiyokatwa kodi, lazima iwe na kizingiti cha familia kisichopungua dola 3,400. Ile kubwa ina kizingiti kifupi, na kwa daktari unaacha dola 30 hivi unaondoka.

Dhana: Ukichukua ya bei rahisi, hata chanjo utalipia.

Hapana. Karibu bima zote za kazini zinabanwa na sheria ya afya ya 2010: chanjo na kliniki za kawaida za mtoto asiyeumwa, kuanzia ile ya siku chache baada ya kuzaliwa, hulipwa zote bila kugusa kizingiti, mradi daktari awe kwenye mtandao wa bima yako, yaani orodha ya madaktari wenye mkataba nayo.

Ila kuna mtego. Nilimpeleka wangu wa miaka 2 kliniki, na tukiwa tunavaa viatu nikamwambia daktari, "Naona anajishikashika sikio." Akalitazama, akaandika dawa. Wiki tatu baadaye ikaja bili ya dola 140. Ilikuwa na mistari miwili: `99392`, kliniki ya kawaida, sifuri; na `99213`, matibabu ya ugonjwa, juu yangu. Hawakukosea, maana sikio lilitibiwa kweli. Siku hizi bili ikija natafuta kwanza hiyo mistari.

Dhana: Watoto wanaumwa kila wiki, kwa hiyo ile kubwa ndiyo nafuu.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa sababu wanatazama kizingiti peke yake. Chukua mfano. Kubwa inakata dola 620 kwa mwezi, rahisi dola 330. Kwa mwaka tofauti ni dola 3,480, na hizo zinaondoka hata kama hakuna aliyepiga chafya. Tuseme mwajiri pia anakuwekea dola 1,000 kwenye HSA ukichukua rahisi.

Sasa mtoto analazwa kwa nimonia, na bei waliyokubaliana bima na hospitali ni dola 20,000. Kwenye rahisi unalipa kizingiti cha dola 4,000, kisha asilimia 20 ya zilizobaki, dola 3,200. Jumlisha makato ya mwaka, toa zile 1,000 za mwajiri: dola 10,160. Kwenye kubwa kizingiti ni dola 1,000, na asilimia 20 ya zilizobaki ni 3,800. Pamoja na makato, dola 12,240. Mtoto amelazwa, na bado rahisi imeshinda.

Lakini punguza tofauti ya makato iwe dola 100 tu kwa mwezi, na mwajiri asiweke kitu, mambo yanageuka: kwa ugonjwa uleule, rahisi inakugharimu dola 1,200 zaidi. Ndiyo maana simjibu mtu kabla hajanitumia picha ya karatasi za kazini kwao.

Dhana: HSA ipo, bili ikija italipa.

HSA ina kile tu kilichokwisha ingia. Unakatwa dola 200 kwa mwezi kuanzia Januari, mtoto analazwa Februari, ndani utakuta dola 400 na cha mwajiri kama kimeshafika. Kwangu hii ndiyo hatari kubwa ya bima rahisi: jumla ya mwaka inaweza kuwa nzuri, ila bili ya dola 7,200 inakukuta mapema na huna akiba. Hospitali nyingi hukubali kulipwa kwa awamu ukiomba, na HSA ikijaa baadaye unaweza kujirudishia, mradi matibabu yalifanyika baada ya akaunti kufunguliwa. Kama huwezi kabisa kupata dola elfu mbili tatu mwezi wa pili, mimi ningekuambia ulipe ile kubwa kwa mwaka huu.

Dhana: Kila mtoto ana kizingiti chake kidogo.

Inategemea bima. Kwenye nyingi za bei rahisi kizingiti cha familia ni kimoja: anayeumwa ni mtoto mmoja tu, lakini bima haianzi kumlipia mpaka dola 4,000 zote zitimie. Kwenye nyingine, mtu mmoja akifikisha kiwango chake analipiwa bila kuwasubiri wenzake. Jibu limo kwenye ukurasa wa kwanza wa muhtasari wa bima, swali la kwanza kabisa juu, na ndilo watu hulivuka.